Barua ya kurudishiwa rejesho la mkopo lililokatwa mara mbili

"Benki imekata rejesho la mkopo mara mbili kwenye akaunti yangu ya mshahara mwezi huu. Niandike vipi barua ili nirudishiwe?"

Ndugu, kabla ya kuandika, omba taarifa ya akaunti ya mshahara na ya akaunti ya mkopo, kwa sababu makato ya pili huenda yalikuwa ya malimbikizo ya nyuma, na hapo ombi lako litakataliwa kwa haki. Ukiona hukuwa na malimbikizo, mwandikie meneja wa tawi, utaje namba za akaunti zote mbili pamoja na tarehe, kiasi na namba ya kumbukumbu ya kila muamala, kisha uombe bila utata:

"Naomba muamala wa pili ubatilishwe na fedha zirudishwe kwenye akaunti yangu ya mshahara, zisihesabiwe kuwa rejesho la mwezi ujao; naomba pia nirudishiwe ada yoyote iliyotokana na upungufu wa salio uliosababishwa na muamala huo."

Usipolisema hilo la mwezi ujao, benki inaweza kuziacha fedha kwenye mkopo na kuona imemaliza kazi. Ambatisha taarifa hizo, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, wala usizuie makato yajayo, maana utaandikwa mdaiwa aliyechelewa. Wasipojibu kwa maandishi, ipeleke nakala hiyo kwenye kitengo cha malalamiko cha benki, kisha kwa mamlaka inayosimamia mabenki.