Nguzo tatu katika ziwa moja: piga hesabu kabla ya kusema zinagongana

Anayeanza kusoma maendeleo endelevu huchora duara tatu, uchumi, jamii na mazingira, kisha huandika kwamba "zinapaswa kuwa na uwiano". Sentensi hiyo haimsaidii mtu kuamua lolote. Chukua jambo moja linalopimika, ulipigie hesabu, ndipo utaona zinagongana wapi hasa na wapi hazigongani kabisa. Uvuvi unafaa kwa zoezi hili kwa sababu nguzo zote tatu zinamtegemea samaki yuleyule.

Tuseme kuna ziwa linaloweza kubeba tani 1,000 za samaki likiachwa bila kuvuliwa. Samaki wakiwa wachache huongezeka kwa kasi ya asilimia 40 hivi kwa mwaka, na kadiri ziwa linavyojaa kasi hiyo hupungua hadi sifuri. Kila mashua huvua asilimia 1 ya samaki waliomo kwa mwaka, ina watu watano, na gharama zake zote, ujira wao ukiwemo, ni sawa na thamani ya tani 2 za samaki. Kanuni ya ongezeko la mwaka ni hii:

```
G = 0.4 × B × (1 − B/1000)
```

B ni tani zilizomo ziwani. Ziwa hutulia pale mavuno yanapolingana na G.

Ukiruhusu kila anayetaka aingie, mashua zitaongezeka hadi faida iishe. Hapo zitakuwa 32, watu 160, na ziwani zitabaki tani 200. Mavuno yatakuwa tani 64, na gharama ni tani 64 vilevile. Mashua zikiwa 20, watu 100, mavuno hufika kilele cha tani 100. Faida hufika kilele mapema kidogo, kwenye mashua 16: watu 80, mavuno tani 96, faida tani 64, na ziwani tani 600. Anayetanguliza mazingira atataka mashua 10: ziwani tani 750, mavuno 75, faida 55, watu 50 tu.

Sasa zitazame namba hizo taratibu. Kutoka mashua 32 kushuka hadi 16, samaki wanaongezeka na faida inaongezeka. Mazingira na uchumi viko upande mmoja, kinyume na kauli tuliyozoea kwamba uhifadhi hula faida. Ugomvi kati ya hivyo viwili unaanza chini ya 16, na hata hapo ni mdogo: kutoka 16 hadi 10 faida inapungua tani 9. Kwa hiyo swali la kwanza daima ni: tuko upande gani wa kilele cha faida?

Nguzo ya jamii ndiyo inayosumbua, na sababu ni kwamba si kitu kimoja. Mashua 32 zinatoa ajira nyingi kuliko mpango mwingine wowote hapo juu, lakini zinatoa chakula kidogo kuliko yote. Ukiandika "manufaa ya jamii" bila kusema ni ajira au chakula, umeficha mgongano ndani ya neno moja.

Kisha kuna muda, ambao wengi huusahau kwa sababu namba za hapo juu ni za ziwa lililokwisha kutulia. Punguza mashua kutoka 32 hadi 16 leo, ziwani zikiwa tani 200. Mwaka wa kwanza mavuno ni tani 32 tu, nusu ya jana, na faida ni sifuri. Mwaka wa pili ni 37. Ukiendelea na kanuni ileile, mavuno yanazipita tani 64 mwaka wa saba. Watu 80 wamekosa kazi tangu siku ya kwanza, na faida ambayo ingewalipa fidia bado haijazaliwa. Mpango unaosema "fidia itatokana na faida ya uvuvi" unakwama hapa. Fedha za miaka ya mwanzo lazima zitoke nje ya ziwa.

Tahadhari moja ya vipimo. Usiamini mavuno ya mashua moja kama kipimo pekee cha wingi wa samaki. Samaki wanaotembea makundi huendelea kukusanyika hata wakibaki wachache, na wavuvi wenye vyombo bora huwafikia palepale, hivyo nyavu zinajaa huku bahari ikiisha. Linganisha na sampuli zilizovuliwa sehemu zilizopangwa kwa bahati nasibu, na uangalie kama samaki wakubwa wanapotea.

Ndivyo makadirio yalivyopotoka huko Newfoundland, Kanada, kwa samaki aina ya kod: viwango vya mavuno ya meli kubwa vilichangia kuonyesha samaki wengi kuliko waliokuwepo. Uvuvi huo ulifungwa Julai 1992, na watu wapatao 30,000 wakakosa kazi. Serikali ilitangaza kwanza katazo la miaka miwili. Lilikuja kuondolewa mwaka 2024.