Mkutano mkuu wa kikoba kwa Zoom ya bure: kupanga saa mbili ndani ya dakika 40

*"Wakuu, mimi ni katibu wa kikoba chetu. Mkutano mkuu wa mwaka tutaufanya kwa Zoom maana wanachama wengine wako Muscat na Uingereza. Tuna ajenda za kama saa mbili hivi na akaunti ni ya bure. Mwaka jana ilitukata katikati ya taarifa ya mweka hazina, nusu ya watu hawakurudi. Tunafanyaje bila kulipia?"*

Mkuu, mimi pia ni katibu wa kikundi chenye watu waliotawanyika, na mikutano yetu mikuu tunaifanya kwa vipande. Inawezekana, ila kwanza uelewe saa ya Zoom inahesabu nini.

Zile dakika 40 ni za akaunti iliyoandaa mkutano. Hata kama shemeji aliyeko Muscat ana akaunti ya kulipia kazini kwake, akiingia kwenye linki yako anakatwa pamoja nanyi. Kumkabidhi uenyeji mkutano ukiendelea hakusaidii, maana linki bado ni yako. Halafu saa inaanza mkutano unapofunguka, haingoji mwenyekiti aseme bismillahi. Kwenye mipangilio kuna kitu kimeandikwa `Allow participants to join anytime`. Kikiwa kimewashwa, yule mama anayependa kuwahi akiingia robo saa kabla, mkutano umeshafunguka na dakika zinaliwa kabla hujafika. Kizime. Wanaowahi wataambiwa wamsubiri mwenyeji, na ukifungua wanaingia wenyewe.

Kwa hiyo usipange ajenda kwa dakika 40. Toa dakika nne za watu kuingia, kuunganisha sauti na kuulizana "mnanisikia?". Toa nne nyingine mwishoni ili ufunge mwenyewe kabla ya kukatwa. Zinabaki 32 za kazi. Hiyo 32 ndiyo namba ya kupangia.

Kufunga mwenyewe ndiko kunakorudisha watu. Mtu aliyekatwa ghafla anadhani bando limeisha au mkutano umekwisha, anaweka simu chini. Mtu aliyeambiwa "tunafunga sasa, turudi baada ya dakika kumi kwa linki ile ile" anarudi. Sema idadi ya dakika, usitaje saa, maana saa mbili usiku ya Dar ni saa tatu usiku Muscat, na Uingereza ni jioni bado. Hutaki watu waanze kupiga hesabu hapo. Muda huo huo mtu mmoja, asiwe wewe, aibandike linki tena kwenye grupu la WhatsApp ili iwe ya mwisho kabisa kuonekana. Wazee hawapandishi meseji kutafuta linki ya juzi.

Wakati wa kufunga, bonyeza `End meeting for all`. Ukibonyeza `Leave meeting` utakuwa umetoka wewe tu, mkutano unabaki kwa mwingine na saa ni ile ile ya zamani. Hapa ndipo wengi wanaporudi ndani wakidhani wamepata dakika 40 mpya, kumbe zimebaki tano. Na kama kura au mahudhurio yameandikwa kwenye chati, yahifadhi kabla ya kufunga, kwa sababu kipande kipya kinaweza kuanza na chati tupu.

Sasa tupange wenu. Tuseme mnaanza saa 2:00 usiku. Kipande cha kwanza kinafungwa 2:36. Cha pili kinaanza 2:46 hadi 3:22. Cha tatu 3:32 hadi 4:08. Mmekaa saa mbili na dakika nane, na mmepata dakika 96 za kazi. Ajenda zenu za saa mbili hazitoshi humo kama zilivyo, lazima kitu kitoke. Kinachotoka kirahisi ni usomaji. Taarifa ya mweka hazina na kumbukumbu za mkutano uliopita zitumeni kwenye grupu siku tatu kabla kama PDF, ili kikaoni yawe maswali tu.

Kipande cha kwanza wekeni akidi, kuthibitisha kumbukumbu na taarifa ya mwenyekiti. Hesabu zipewe kipande cha pili chote. Msizianze dakika ya 25 ya kipande cha kwanza eti kuna nafasi imebaki, kwa sababu mjadala wa pesa ukikatwa katikati unahamia WhatsApp na huko hauna mwenyekiti. Kipande cha kwanza kikiisha mapema, fungeni mapema. Mapumziko nayo yana kazi: watu watume maswali ya hesabu kwa sauti au maandishi, mweka hazina ayapange, akirudi anaanza kujibu moja kwa moja. Kwetu hilo limeokoa muda kuliko ujanja mwingine wowote.

Mabadiliko ya katiba na kura za gawio viende kipande cha tatu. Kura ipigwe kabla ya dakika ya 25 ya kipande, isisukumwe mwishoni. Na hapa katibu uwe macho: kila mkirudi, hesabu akidi upya na uiandike kwenye kumbukumbu. Mlikuwa 24 mwanzoni, mkirudi 15 na katiba yenu inadai theluthi mbili ya wanachama, azimio hilo mtu atakuja kulipinga baadaye, na atakuwa na haki.

Ile `Waiting Room` mimi naizima na kubakiza nenosiri lililomo ndani ya linki. Ikiwa imewashwa, kila mkirudi unakaa kuruhusu watu waingie, na dakika nne zinakuwa nane.

Ila kwa ajenda kama yenu, mkuu, mimi ningehamia Google Meet. Akaunti yake ya bure inatoa dakika 60 kwa mkutano wa watu watatu au zaidi, na inatoa onyo ikifika dakika ya 55. Mnaanza 2:00, mnafunga 2:55, mnarudi 3:05 hadi 4:00. Mnakatika mara moja badala ya mbili, na kazi inakuwa dakika 102 ndani ya saa mbili kamili. Mimi huandaa linki mbili mapema, ya kipande cha kwanza na cha pili. Kinachobakiza watu Zoom ni kurekodi: ya bure inakuruhusu kurekodi ukitumia kompyuta (kwa simu haikubali), na kila kipande kinatoka kama faili lake. Meet ya bure haina hilo. Kama katibu unaandika vizuri, rekodi si lazima.

WhatsApp nayo haina kikomo cha muda, lakini simu ya kikundi inachukua watu 32 tu. Mkiwa pungufu ya hapo, na hakuna haja ya mpangilio mkali, inatosha.

Na mkiamua kuchanga mlipie mwezi mmoja, anayehitaji kulipiwa ni mmoja tu. Huyo huyo ndiye aandae mkutano upya kwenye akaunti yake na kutoa linki mpya, maana ile uliyoitoa wewe kwa akaunti ya bure itaendelea kukata dakika ya 40. Azime malipo ya kujirudia yenyewe siku hiyo hiyo aliyolipa, la sivyo mwezi ujao kadi yake inakatwa tena na mtaanza kudaiana kikobani.