Hasi 424 haiwezekani: balansi ya nitrojeni kwa mgonjwa wa wodini

*"Wakuu naomba msaada. Mgonjwa wangu mwanaume kilo 60, siku ya sita tangu afanyiwe upasuaji wa tumbo. Ameandikiwa maziwa ya mpira wa puani 1500 ml kwa siku (protini gramu 4 kila 100 ml) na mayai mawili ameanza kula mwenyewe, jumla protini 72. Maabara wamenirudishia yurea ya mkojo 240 mmol/L, mkojo wa masaa 24 ni 1800 ml. Nikiweka kwenye fomula napata hasi 424. Hii inawezekana kweli? Na ile 4 ya kwenye fomula inatoka wapi?"*

Mkuu haiwezekani, angekuwa hasi 424 asingefika hata jioni. Umechukua 240 ukazidisha na lita 1.8 ukapata 432, ukaiweka moja kwa moja, sasa hiyo 432 ni milimoli za yurea na fomula inataka gramu za nitrojeni. Mimi ni mtu wa lishe hospitalini, hili la yuniti nakutana nalo karibu kila maabara inapobadilisha mashine maana moja inatoa milimoli, nyingine miligramu za yurea, nyingine miligramu za nitrojeni ya yurea, na karatasi zote juu zimeandikwa yurea tu.

Molekuli moja ya yurea ina uzito wa 60 na ndani yake kuna nitrojeni mbili zenye uzito wa 28. Kwahiyo kila milimoli moja ya yurea imebeba miligramu 28 za nitrojeni. Zako ni 432 mara 28, unapata miligramu 12,096, yaani gramu 12.1. Maabara ikikupa gramu za yurea badala ya milimoli unazidisha kwa 0.467 (ndo ile 28 gawanya 60), wewe hapo ungeona kama gramu 25.9 za yurea, mara 0.467 unarudi pale pale 12.1. Ila wakikuandikia wazi kwamba ni nitrojeni ya yurea usizidishe chochote, iache ilivyo. Ukiwa na shaka mpigie mtu wa maabara muulize mashine inaripoti nini, usikisie, maana ukikosea hapo utakuwa umeongeza upotevu mara mbili na kidogo au umeupunguza zaidi ya nusu na namba itaonekana ya kawaida kabisa, hutashtuka kama ulivyoshtuka kwa hii 424.

Fomula yenyewe ni hii:

```
Balansi = (protini g / 6.25) - (nitrojeni ya yurea g + 4)
```

6.25 ni kwa sababu protini kwa wastani asilimia 16 yake ni nitrojeni. Na 4 uliyouliza ni makadirio ya vitu ambavyo hukuvipima. Kama gramu 2 ni nitrojeni iliyomo humo humo kwenye mkojo ila sio yurea, yaani amonia, kreatinini, asidi ya yuriki na vingine, halafu kama gramu 2 zinatoka kwa choo, ngozi, nywele na jasho. Ni namba ya mtu wa kawaida asiyeharisha na asiye na kidonda kikubwa, nitairudia chini.

Sasa kabla hujaweka 72 kwenye fomula ngoja kwanza. 72 ndo iliyoandikwa, je ndo iliyoingia? Fungua chati ya malisho ya masaa yale yale 24 ambayo mkojo ulikusanywa, sio ya jana yake, ujumlishe kilichopita kweli kwenye mpira. Mgonjwa wa tumbo siku ya sita hapati 1500 yote mara nyingi, kapelekwa picha wakafunga malisho, katapika wakasimamisha, mpira uliziba nesi akasubiri daktari, usiku maziwa yaliisha. Tuseme chati inaonyesha 1100 ml. Hiyo ni protini 44, ongeza mayai mawili (yai moja hesabu gramu 6) unapata 56. Gawanya kwa 6.25 ni nitrojeni gramu 9.0 zimeingia. Zilizotoka ni 12.1 na 4, yaani 16.1. Balansi ni hasi 7.1.

Ukiweka 72 utapata 11.5 toa 16.1 = hasi 4.6. Mgonjwa ni huyo huyo, mkojo ni huo huo, ila kwenye faili mmoja anaonekana anapoteza kiasi na mwingine anapoteza sana. Na ndo tabia ya hii hesabu yote, makosa yake karibu yote yanaelekea upande mmoja: tunazidisha kilichoingia na tunapunguza kilichotoka, kwahiyo balansi inaonekana nzuri kuliko hali halisi. Mtu akikuletea chanya 5 kwa mgonjwa mwenye homa na kidonda kibichi mshuku kwanza kabla hujampongeza.

Kwa kupata picha, gramu 1 ya nitrojeni ni protini 6.25, na hiyo ni kama gramu 30 za nyama ya mwili yenye maji yake. Hasi 7.1 ni zaidi ya gramu 200 kwa siku, na kwa mwanaume wa kilo 60 ukiacha hivyo wiki mbili utaona kwenye mapaja na mabega hata bila mzani (mzani wenyewe utakudanganya sababu ya maji aliyojaa baada ya upasuaji).

Haya mkojo. Hapa ndo kazi ilipo. Kama ana katheta, saa 12 asubuhi mwaga kila kilichomo kwenye mfuko, hicho hakihesabiwi, andika muda. Kuanzia hapo kila tone linaenda kwenye dumu moja mpaka saa 12 asubuhi ya kesho, na kile cha mwisho cha saa 12 unakiingiza. Kama hana katheta anakojoa wa kwanza anautupa, na kesho yake muda ule ule anakojoa wa mwisho anaingia. Dumu likae baridini, kwenye friji au ndoo yenye barafu, sababu bakteria wakizaliana wanavunja yurea kuwa amonia na maabara wanapima yurea ndogo kuliko iliyokuwepo. Halafu bandika karatasi kubwa kwenye mfuko, "USIMWAGE", maana zamu ya usiku wakikuta mfuko umejaa wanafanya walichozoea, wanapima, wanaandika kwenye chati, wanamwaga. Wala usiwalaumu, hakuna aliyewaambia. Na ndugu anayemuuguza mwambie pia, kuna mama mmoja alikuwa anasafisha kila kitu kwa upendo wake.

Utajuaje kama mkojo umepungua? Omba kreatinini kwenye dumu hilo hilo. Mwanaume mwenye figo nzuri hutoa kama miligramu 20 hadi 25 kwa kila kilo kwa siku, mwanamke 15 hadi 20. Huyu wako wa kilo 60 tarajia kama miligramu 1200 au zaidi kidogo, kwa milimoli ni kama 10.6. Ikija 600 basi uwezekano mkubwa nusu ya mkojo ilienda chooni, rudia. Ila mgonjwa aliyekonda muda mrefu au mzee misuli imeisha kreatinini yake iko chini hata ukikusanya vizuri, huyo mlinganishe na makusanyo yake mwenyewe ya nyuma.

Kingine angalia yurea ya damu mwanzo na mwisho wa hayo masaa 24. Kama haijabadilika songa mbele. Kama imepanda, ina maana kuna yurea imetengenezwa ila haijatoka, imebaki kwenye maji ya mwili. Mfano imepanda kutoka 6 mpaka 12 mmol/L, maji ya mwili wake ni kama asilimia 60 ya kilo 60, lita 36. 36 mara 6 ni milimoli 216, mara 28 ni nitrojeni gramu 6. Hizo gramu 6 unaziongeza kwenye zilizotoka! Hasi 7 inakuwa hasi 13. Ndo maana mgonjwa ambaye figo zimegoma hii fomula usimpigie kabisa kwa mkojo peke yake, mkojo unakuwa mdogo, yurea ndogo, balansi inatoka chanya safi wakati mwili unaisha.

Na ile 4 haitoshi kwa aliyeungua moto sehemu kubwa ya mwili (kidonda kinavuja protini), anayeharisha sana, mwenye fistula. Kwa tumbo lililoachwa wazi watu hukadiria kama gramu 2 za nitrojeni kwa kila lita ya majimaji yanayotoka, kwahiyo kama wako ana mrija unatoa nusu lita ongeza gramu 1. Ni makadirio tu lakini ni bora kuliko kujifanya hayapo.

Sasa utafanya nini na hasi 7. Siku ya sita usitafute chanya kwa nguvu, mwili bado uko kwenye vita ya upasuaji na hautajenga hata umlishe nini, lengo lako ni kupunguza hasara. Huyu alipata 56, ni 0.93 kwa kilo, wakati wagonjwa wa aina hii hulengwa 1.2 hadi 2. Mimi ningelenga 90, yaani 1.5 kwa kilo. Ila kwanza rekebisha kinachokatiza malisho sababu nishati nayo iko chini, kwa 1100 ml kama maziwa ni ya kilokalori 1 kwa ml hafiki hata 1300 na mayai yake, na akikosa nishati protini utakayoongeza anaichoma kama kuni.

Usipime tena kesho yake. Acha siku tatu nne akae kwenye kiwango kipya ndo ukusanye tena. Na yurea ya mkojo ITAPANDA, usiogope ukadhani anazidi kuvunjika. Tuseme sasa anapata 90 kweli, hiyo ni 14.4 imeingia, na yurea imepanda imetoka 12.1 imefika 14.5. Jumla ya zilizotoka 18.5, balansi hasi 4.1. Umeongeza nitrojeni 5.4, zimerudi nje 2.4 kwenye mkojo, 3 zimebaki mwilini, ni mafanikio. Ila ukiongeza tena ukakuta karibu yote uliyoongeza imetoka kama yurea na balansi haijasogea, basi protini zaidi haina kazi, rudi utafute usaha, homa, nishati ndogo au kama kuna steroidi anapewa.

Leta chati ya malisho na kreatinini ya hilo dumu tuangalie, na useme kama mrija wa tumbo unatoa kitu.