Maduara yakipanuka yote siku moja, usianze kulaumu diski

Katika maabara niliyowahi kufanya kazi, tulipima usugu wa vimelea kwa kuweka diski za karatasi zenye antibiotiki juu ya agari, jeli ya kuoteshea, iliyopakwa vimelea, kisha kupima duara tupu ambamo dawa imezuia ukuaji. Asubuhi moja kimelea chetu cha udhibiti wa ubora, E. coli ATCC 25922, kilitoa duara la milimita 29 kuzunguka diski ya jentamisini ya mikrogramu 10, ilhali kiwango kinachokubalika ni 19 hadi 26. Ampisilini nayo ilipita kikomo chake cha juu. Mwenzangu alitaka kuzitupa diski. Nilimsihi angoje, kwa kuwa diski iliyoharibiwa na joto au unyevu hupoteza nguvu na kutoa duara dogo. Maduara yanapopanuka yote kwa pamoja, kosa hutafutwa kwenye vitu ambavyo diski zote zinavitegemea, yaani agari na mchanganyiko wa vimelea.

Agari nyembamba hupanua maduara, kwa hiyo tuliipima kwanza, tukakuta kina chake ni milimita 4 kama inavyotakiwa. Ndipo nikainua sahani kwenye mwanga. Badala ya zulia moja la vimelea lililoshikana, niliona makoloni yaliyotengana, kama chenga za mchele zilizomwagika mezani. Vimelea vilikuwa vichache mno, na dawa ilisambaa mbali kabla havijaongezeka vya kutosha kuuonyesha mpaka wake halisi.

Chanzo kilikuwa mrija wa McFarland 0.5, wenye ukungu wa bariamu salfeti ambao mchanganyiko wa vimelea hulinganishwa nao ili kupata wingi unaotakiwa. Bariamu salfeti huzama ukiuacha mrija umesimama, na aliyeandaa mchanganyiko aliutoa kwenye kishikio bila kuutikisa, akalinganisha ukungu wa vimelea vyake na maji yaliyokaribia kukosa ukungu kabisa. Tangu siku ile huutikisa mrija kwa nguvu hadi mashapo yote yainuke, kisha naushika sambamba na mrija wangu, wenye upana uleule, mbele ya kadi nyeupe yenye mistari myeusi. Ukungu ukilingana, kwa E. coli unapata vimelea kama milioni 100 hadi 200 kwa mililita, nao hupakwa ndani ya dakika 15, kwani vikisubiri huendelea kuzaana. Kosa la kinyume, la mchanganyiko mzito, au kijiti cha pamba kisichokamuliwa ukingoni mwa mrija, hufinya maduara na kumfanya kimelea nyeti aonekane sugu.

Siku hiyohiyo E. coli wa mkojo wa mgonjwa alikuwa amesomwa milimita 19 kwa jentamisini, na kwa viwango vya 2023 vya CLSI, taasisi ya Marekani ya viwango vya maabara, kuanzia 18 ni nyeti. Majibu hayakuwa yametoka, tukarudia. Safari hii mwenzangu alisoma 18, mimi 16. Yeye alikuwa amepima kupitia kifuniko, jicho likiwa upande. Tuliigeuza sahani kifudifudi juu ya kitambaa cheusi, taa ikimulika kutoka juu, tukapima kwa kalipa pale ukuaji unaoonekana kwa macho unapokoma: 16 kwa wote wawili. Jibu lililoandikwa lilikuwa la kati, wala si nyeti.