Alama 7 zilizojificha kwenye mstari mmoja: kujibu vigezo vya zabuni kimoja baada ya kingine

Nyinyi mnaoanza kuandika zabuni za ushauri elekezi, kaanzeni na ukurasa ambao wengi wetu tulikuwa tukiusoma mwisho, ule wenye jedwali la vigezo vya tathmini na alama zake. Mimi niliujua thamani yake baada ya kushindwa, na nitawaeleza tulivyoshindwa maana hesabu yake ni fupi.

Ofisi yetu ya Chake Chake iliomba kazi ya kusanifu na kusimamia ujenzi wa matangi na mabomba ya maji kwa skuli 8 za Wete na Micheweni. Hadidu za rejea tulizisoma mara tatu. Kiongozi wetu wa timu alikuwa mhandisi mzima, mtu wa visima na matangi tangu ujana wake. Tuliandika kurasa 90, tukazifunga vizuri, tukapeleka mapema. Jibu likaja: alama 70. Kima cha chini kilikuwa 75, kwa hiyo bahasha yetu ya bei haikufunguliwa.

Tuliomba maelezo kwa maandishi, jambo ambalo mzabuni aliyeshindwa anaruhusiwa kulifanya na wengi hawalifanyi kwa kuona haya. Tukapewa mchanganuo: uzoefu wa kampuni 9 kati ya 10, mbinu na mpango kazi 24 kati ya 35, wataalamu 31 kati ya 45, kuwajengea uwezo wenyeji 6 kati ya 10. Macho yetu yakaenda kwa wataalamu, kwa sababu hapo ndipo tulipojiona tumekaa sawa.

Kiongozi wa timu alipangiwa alama 20, nazo ziligawanywa ndani ya nyaraka za zabuni: asilimia 20 elimu, asilimia 70 uzoefu wa kazi kama hii, asilimia 10 kuyajua mazingira na lugha. Yaani 4, 14 na 2. Elimu alipata zote 4, mazingira zote 2. Kwenye ile 14 alipata 7 tu. Kigezo kilisema: "awe ameongoza usanifu wa angalau miradi 4 ya maji ndani ya miaka 10 iliyopita." Mhandisi wetu alikuwa ameongoza mitano. Lakini wasifu wake ulitaja miwili kwa jina, kisha ukaendelea hivi: "pamoja na miradi mbalimbali ya miundombinu Unguja na Pemba." Mjumbe wa tathmini alihesabu miwili kati ya minne, akatoa nusu. Hakutuonea. Zile 7 zilizobaki zingetufikisha 77, na bahasha ya bei ingefunguliwa.

Mjumbe wa kamati hasomi zabuni yako kama barua ya ndugu yake. Mbele yake kuna fomu yenye kila kigezo na nafasi ya kuandika alama na sababu, na pembeni kuna zabuni nyingine nne au tano zinamsubiri. Kila mjumbe hutoa alama zake peke yake kabla ya kukutana na wenzake. Akitoa alama kubwa lazima aonyeshe ameiona wapi. Hata kama anamjua mhandisi wako, na kisiwani kwetu nani hamjui nani, hawezi kuandika "namfahamu" kwenye fomu ile.

Kwa hiyo wasifu wa mtaalamu usiwe ule mmoja unaokaa kwenye kompyuta tangu mwaka juzi. Unaandikwa upya kwa kila zabuni, ukifuata maneno ya kigezo. Mstari wetu ule tuliugeuza kuwa aya tano fupi, kila mradi na yake: jina la mradi, mteja, mwezi na mwaka wa kuanza na kumaliza, cheo chake hasa, na kilichosanifiwa. Kigezo kikisema "ameongoza", wewe pia andika "aliongoza". Usiandike "alishiriki" kwa unyenyekevu. Na kama kweli alishiriki tu, andika alishiriki, kwa sababu mteja wa zamani hupigiwa simu. Tena hesabu miaka: mradi uliokwisha miaka 12 iliyopita haumo ndani ya kigezo, hata uwe mkubwa vipi. Uweke chini ya ile inayohesabika.

Kwenye mbinu tulipoteza alama 11, na kosa lilikuwa la namna nyingine. Sehemu ya "uelewa wa kazi" tulikuwa tumeyachukua maneno ya hadidu za rejea tukayarudisha kama yalivyo. Mteja anaijua kazi yake, aliiandika mwenyewe. Anachotaka kuona ni kama wewe umeiona. Zabuni iliyofuata, ya kazi inayofanana na ile, tulikwenda kwenye skuli mbili kabla ya kuandika. Upande wa Micheweni ardhi ni maweni, jembe linagonga mwamba karibu na juu, basi kuchimba mtaro wa bomba kunachukua siku nyingi kuliko kwenye udongo wa upande wa magharibi. Kisima kilicho karibu na pwani kikivutwa sana huanza kuingiwa na maji ya chumvi. Tukaandika hayo, na chini ya kila moja tukaandika tutakachofanya: kupima chumvi ya maji mwanzo na mwisho wa jaribio la kuvuta kisima, na kupanga uchimbaji wa mitaro umalizike kabla ya masika ya Machi hadi Mei, maana barabara za ndani zikilowa gari la mawe halifiki. Kurasa zilipungua, alama zikapanda.

Mpango kazi nao uulinganishe na wasifu. Tuliwahi kumpanga mtaalamu wa maji mwezi wa kwanza wa kazi, huku wasifu wake ukionyesha yupo kwenye mradi mwingine hadi miezi mitatu baadaye. Mjumbe akiona hivyo anashusha alama za pande zote mbili.

Sasa barua. Hapa vijana wengi huchanganya mambo mawili. Ipo barua ya kuwasilisha zabuni iliyomo ndani ya nyaraka zenyewe, yenye maneno yaliyokwisha kuandikwa. Hiyo ijaze, usibadilishe hata neno. Ipo na barua ya utangulizi unayoitunga mwenyewe, na kazi yake ni moja: kumwonyesha mjumbe jibu la kila kigezo lipo ukurasa gani. Sisi huiandika hivi:

> Kuh: Zabuni Na. (namba kama ilivyo kwenye tangazo), Usanifu na Usimamizi wa Matangi na Mabomba ya Maji kwa Skuli 8, Pemba
>
> Tunawasilisha pendekezo letu la kiufundi. Tumepokea na kuzingatia marekebisho Na. 1 na Na. 2 ya nyaraka za zabuni. Pendekezo litabaki halali kwa muda uliotajwa katika maelekezo kwa wazabuni. Majibu ya vigezo vya tathmini yapo kama ifuatavyo:

| Kigezo | Alama | Jibu letu kwa ufupi | Ukurasa |
|---|---|---|---|
| Uzoefu wa kampuni | 10 | Kazi 4 za usanifu wa maji, barua za wateja zimeambatishwa | 6–14 |
| Mbinu na mpango kazi | 35 | Ziara ya maeneo, vipimo vya visima, ratiba kabla ya masika | 15–31 |
| Kiongozi wa timu | 20 | Aliongoza miradi 5 ya maji ndani ya miaka 10 | 32–35 |
| Kuwajengea uwezo | 10 | Mafunzo kwa mafundi na kamati za skuli | 44–46 |

(Wataalamu wengine nao wana mistari yao, nimeifupisha hapa.) Baada ya jedwali ni saini ya yule aliyetajwa kwenye hati ya uwakilishi wa kisheria, si ya mwingine kwa sababu bosi kasafiri na boti ya asubuhi. Barua imalizike ukurasa mmoja. Maneno ya "kampuni yetu ni kinara" hayana mstari kwenye fomu ya mjumbe, basi yaacheni.

Barua hiyo hiyo inaweza kukuua. Nimeona mwenzetu mmoja akiandika kwa nia njema: "tutaanza kazi mara tu tutakapopokea malipo ya awali ya asilimia 30." Nyaraka zilikuwa hazisemi hivyo. Sentensi ile ikahesabiwa kuwa sharti, na zabuni yenye sharti lake mwenyewe inakwenda pembeni. Kama masharti ya malipo yanakutatiza, uliza kwa maandishi kabla ya tarehe ya mwisho ya maswali, jibu litakwenda kwa wazabuni wote. Vivyo hivyo kigezo chenye utata: "miradi inayofanana" ni ya maji peke yake, au hata ya barabara? Uliza, usikisie.

Na bei isionekane popote kwenye upande wa kiufundi. Si jumla tu: hata "posho ya mafunzo ni shilingi fulani kwa siku" katikati ya mbinu ni bei iliyovuja, na inatosha kukutoa. Ukipakia kwenye e-PROZ, mfumo wa zabuni za serikali ya Zanzibar kwa mtandao, fungua kila faili kwa mara ya mwisho uone lipo kwenye nafasi yake, maana faili la bei likipakiwa nafasi ya kiufundi huna wa kumlaumu.

Msiridhike na kuvuka 75 tu. Tuseme uzito ni 80 kwa ufundi na 20 kwa bei. Kampuni ya kwanza ina alama 88 za ufundi na bei ya milioni 60, ya pili ina 78 na bei ya milioni 54. Ya bei ndogo hupata 100 za bei, ya kwanza hupata 54 kugawa 60 mara 100, yaani 90. Zikizidishwa kwa uzito, 0.8 na 0.2, ya kwanza jumla yake 70.4 na 18, ni 88.4. Ya pili 62.4 na 20, ni 82.4. Milioni 6 za nafuu hazikuziba pengo la alama 10 za ufundi.

Siku hizi rasimu yangu humpa shemeji yangu, mwalimu wa skuli aliyezoea kusahihisha mitihani, pamoja na jedwali la vigezo na penseli. Hajui kitu kuhusu mabomba, na hilo ndilo ninalolitaka. Mara ya mwisho aliniandikia 4 kwenye kuwajengea uwezo, na pembeni: "Umesema mafundi watafundishwa. Nani, wangapi, lini, wakiwa wapi?" Nikarudi nikaandika: mafundi 2 kutoka kila skuli, jumla 16, siku tatu, katika wiki ya kwanza ya kujaribu mfumo, kwenye tangi lenyewe. Nikampelekea tena jioni. Akafuta 4, akaandika 9. Nikamuuliza ile 1 imekwenda wapi. Akasema kamati za skuli nimezitaja kwenye barua, lakini ukurasa wa 44 hadi 46 hazimo.