Gramu za unga, sukari na mchele

"Maelekezo ya keki yangu yanataja vikombe, nami nina mizani tu. Nipime gramu ngapi? Na mchele je?"

Ndugu yangu, kikombe cha kupimia huchukua takriban mililita 240. Ukikijaza unga wa ngano utapata gramu 125 hivi, sukari nyeupe 200, mchele mkavu 185.

Unga ndio wa kuangalia sana, maana una hewa ndani. Ukiuchota kwa kuushindilia, kikombe hichohicho hufika gramu 150. Tuseme keki inataka vikombe viwili na nusu: 125 mara 2.5 ni kama gramu 312. Ulioshindiliwa ungekuwa 375, na hizo 63 za ziada ndizo zinazoifanya keki iwe kavu na ipasuke juu. Kwa hiyo anza na 312, na rojo likiwa jepesi mno ongeza kijiko kimoja kimoja.

Weka bakuli tupu kwenye mizani, bonyeza TARE isome sifuri, ndipo umimine. Robo tatu kikombe ya sukari ni gramu 150.

Mchele hausumbui. Hata maji yake yapime kwa mizani hiyohiyo: kikombe kimoja ni gramu 240.