Mediani ya Mediani Si Mediani ya Wote

Katika kazi yangu ya kuunganisha ripoti za vituo vya afya, takwimu inayonifikia mara nyingi ikiwa imekokotolewa nusu ni muda wa kusubiri. Kila kituo huleta mediani yake, yaani muda unaoangukia katikati wagonjwa wakipangwa kuanzia aliyesubiri kidogo hadi aliyesubiri sana, kisha mtu wa ngazi ya juu huzipanga mediani hizo, akachukua ya katikati na kuiita mediani ya wilaya. Nashauri hesabu hiyo isifanywe, na nitaeleza kwa mfano mdogo nilioutunga, ambao msomaji anaweza kuuhakiki kwa kalamu.

Tuseme zahanati ya kwanza ilihudumia wagonjwa watatu waliosubiri dakika 10, 20 na 90. Zahanati ya pili nayo ilikuwa na watatu, waliosubiri dakika 15, 25 na 30. Hospitali ilikuwa na tisa: 40, 50, 60, 70, 80, 85, 95, 100 na 120. Mediani zao ni 20, 25 na 80, na ya katikati kati ya hizo ni 25. Lakini ukiwapanga wagonjwa wote 15 katika mstari mmoja, wa nane ndiye wa katikati, naye alisubiri dakika 60. Ripoti ingesema 25 ilhali wagonjwa kumi kati ya 15 walisubiri dakika 40 au zaidi.

Wengi wakiona hivyo husema kosa ni kuipa zahanati uzito sawa na hospitali, na kwamba dawa ni kuzingatia idadi ya wagonjwa. Kwa wastani wa kawaida dawa hiyo inatosha, kwa sababu wastani ukizidishwa kwa idadi hurudisha jumla, na jumla zinajumlishika. Mediani hairudishi chochote cha namna hiyo. Chukua sasa vituo vitatu vyenye wagonjwa watatu kila kimoja: zahanati zetu mbili kama zilivyo, na hospitali yenye 40, 80 na 85. Mediani ni zilezile 20, 25 na 80, na mediani ya wote tisa ni 30. Badilisha kitu kimoja tu, yule aliyesubiri dakika 90 katika zahanati ya kwanza awe amesubiri 22. Mediani ya zahanati hiyo inabaki 20, idadi haijabadilika, lakini mediani ya wote inashuka hadi 25. Ripoti za vituo zinafanana kabisa katika hali zote mbili, na majibu ni mawili tofauti. Kwa hiyo hakuna fomula, hata iwe ya kitaalamu kiasi gani, inayoweza kuyatenganisha.

Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba mediani ya wote haiwezi kuwa chini ya mediani ndogo kuliko zote wala juu ya ile kubwa kuliko zote. Katika mfano wetu hiyo ni kati ya 20 na 80, nafasi pana mno kumsaidia anayepanga zamu za wauguzi.

Data inayohitajika ni muda wa kila mgonjwa, mstari mmoja kwa mtu mmoja. Majina na namba za kadi hazihitajiki, na ni vizuri kulisema hilo mapema katika barua ya maombi, maana hofu ya siri za wagonjwa ndiyo inayowafanya wengi watume muhtasari. Zikishakuwa katika safu moja ya Excel, kazi imekwisha:

```
=MEDIAN(A2:A16)
```

Ikiwa data ghafi haipatikani, omba kila kituo kihesabu wagonjwa katika madaraja yaleyale ya dakika. Kwa wale 15 wa mwanzo, walio chini ya dakika 30 ni wanne, kuanzia 30 hadi chini ya 60 ni watatu, kuanzia 60 hadi chini ya 90 ni wanne, na wanaobaki ni wanne. Hesabu hizi zinajumlishika kituo kwa kituo. Ukifika daraja la pili umeshapata saba, hivyo mgonjwa wa nane yumo katika la tatu, na ukigawa daraja hilo kwa uwiano, nusu ya 15 ikiwa 7.5, unapata 60 + (7.5 − 7) ÷ 4 × 30, yaani takriban dakika 64. Ni makadirio, na yanategemea upana wa daraja, kwa hiyo uliza madaraja membamba pale unapotarajia katikati iangukie. Kituo kimoja kikitumia mipaka yake chenyewe, jedwali zima linaharibika.

Kujua kama ripoti uliyopokea imepikwa kwa kuchukua mediani ya mediani, omba takwimu zilezile zipangwe kwa siku badala ya vituo. Mediani halali haitasogea. Mediani ya mediani mara nyingi itasogea. Na kama kilichopo ni mediani za vituo peke yake, zichapishe kama zilivyo, kila moja na idadi ya wagonjwa wake, na nafasi ya wilaya uiache wazi.